Pipa Litoke, Chungu Kikae: Siri ya Kivuli cha Kitakoni

Kubandika chungu cha maua juu ya pipa la taka kwenye picha ni kazi ya dakika chache kwa yeyote anayejua kutumia programu ya kuhariri picha. Kukifanya chungu hicho kikae chini, kiwe na uzito, kionekane kimeshinda pale tangu asubuhi, ni kazi nyingine kabisa. Chungu chenyewe kinaweza kuwa kizuri, rangi zake safi, majani yake yamekatwa kwa uangalifu, na bado mtu akiitazama picha akasema, "Hapa kuna kitu." Hawezi kusema ni kitu gani, lakini jicho lake limeshaona. Mara nyingi kasoro iko kwenye vidole viwili vitatu vya sakafu vinavyokizunguka chungu kitakoni.

Nguvu ya kivuli juu ya macho yetu imepimwa. Mwaka 1997 Daniel Kersten, Pascal Mamassian na David Knill walichapisha jaribio la mpira mdogo unaosogea ndani ya sanduku kwenye skrini ya kompyuta. Njia ya mpira haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kivuli chake. Kivuli kikiongozana na mpira, watazamaji waliuona mpira ukibingirika sakafuni kuelekea nyuma ya sanduku. Kivuli kikibaki chini huku mpira ukienda njia ileile, waliuona ukipaa hewani. Yaani tukitaka kujua kitu kimekaa wapi, tunasikiliza kivuli kuliko kitu chenyewe. Anayebandika chungu bila kukishughulikia kivuli anamwambia mtazamaji kwamba chungu kinaelea, hata kama amekiweka mahali sahihi kabisa.

Vivuli vyenyewe ni viwili, na wengi hutengeneza kimoja tu. Cha kwanza ni kivuli cha jua, kile kinacholala sakafuni upande ulio kinyume na jua, chenye umbo la kitu kilichokizaa. Cha pili ni kivuli cha mguso. Hiki ni ule ukanda mwembamba wa giza unaokaa pale kitu kinapogusana na sakafu, pande zote, hata upande unaopigwa na jua. Hakisababishwi na jua. Kinatokea kwa sababu kitako cha chungu na sakafu vimekaribiana mno kiasi kwamba mwanga wa anga, ule unaotoka kila upande juu yetu, haupati nafasi ya kuingia. Siku ya mawingu mazito kivuli cha jua hakipo kabisa, lakini cha mguso kipo, tena hicho ndicho pekee kinachoshikiza vitu chini. Tazama gurudumu la gari lililoegeshwa siku ya mvua utakiona, cheusi na chembamba pale mpira unapokutana na lami.

Nitaeleza kwa kazi moja. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni mjini Tanga alinitumia picha ya ua wake aitie kwenye tangazo. Ukuta mweupe, mlango wa mbao, sakafu ya vitofali vya pevingi, na kando ya mlango pipa la taka la plastiki, la kijani, lenye magurudumu. "Mwanangu, hilo pipa linaniharibia picha," aliniambia kwenye simu. "Nitolee, uniwekee hata maua." Nikamwambia, "Sawa mama, ila naomba unitumie picha yenyewe ya asili, usiitume kama picha ya kawaida." WhatsApp hubana picha na kula vitu vidogo vidogo, na kazi hii inaishi kwenye vitu vidogo. Ukiituma kwa njia ya `Document` inafika kama ilivyotoka kwenye simu, na maelezo yake ndani: tarehe, saa, na lenzi iliyotumika. Hii ilipigwa mwezi wa Machi, saa 9 alasiri na dakika 12.

Wa Dar es Salaam kama mimi hawezi kukimbilia Tanga kwa ajili ya pipa. Ila aliye jirani na nyumba, mwenye uwezo wa kurudi na kulisogeza pipa, na arudi apige picha upya. Hakuna uhariri unaoishinda picha iliyopigwa sawasawa.

Sasa ndipo wengi wanapokosea hatua ya kwanza kabisa: wanalifuta pipa mara moja. Pipa ndilo shahidi bora wa mwanga wa siku ile, maana limesimama mahali hasa ambapo chungu kitakaa, chini ya jua lilelile, juu ya sakafu ileile. Kabla hujalifuta, lihoji. Mimi huandika majibu kwenye karatasi.

Jibu la kwanza ni urefu na uelekeo wa kivuli. Pipa lile lina kimo cha karibu mita 1. Kivuli chake kilikuwa kimelala karibu sambamba na safu za vitofali, na kila kitofali cha aina ile kina urefu wa sentimita 20. Nikahesabu vitofali vinne na kipande: sentimita 84 hivi. Kwa hiyo kila sentimita 10 za kimo zilitoa sentimita 8.4 za kivuli. Hesabu hiyo inakubaliana na saa ya picha, kwa kuwa Tanga mwezi wa Machi, saa 9 na dakika kumi na kitu, jua huwa juu kwa nyuzi 50 hivi. Chungu nilichokusudia, pamoja na mshubiri wake, kilikuwa na kimo cha sentimita 80. Kivuli chake kilitakiwa kufika sentimita 67 kutoka kitakoni, yaani vitofali vitatu na theluthi. Sikuhitaji kubahatisha.

Jibu la pili ni rangi. Hapa kuna kosa linaloua picha nyingi: mtu anachukua rangi nyeusi tupu, anaipunguza nguvu, anaipaka sakafuni, na kivuli kinatoka kama masizi. Kivuli cha nje si weusi. Ni sakafu ileile iliyonyimwa jua lakini bado inamulikwa na anga, na anga ni la buluu, kwa hiyo kivuli nacho huegemea kwenye buluu. Kwenye GIMP, programu ya bure niitumiayo, kuna chombo cha kupima rangi kiitwacho `Color Picker`. Kiweke kisome wastani wa eneo dogo badala ya pikseli moja, kisha pima sakafu iliyo juani karibu na pipa, halafu pima sakafu hiyohiyo ndani ya kivuli. Kila kipimo kinatoa namba tatu, za wekundu, ukijani na ubuluu, kuanzia 0 hadi 255. Juani nilipata 190, 180 na 165. Kivulini nilipata 78, 80 na 84. Angalia jinsi mpangilio ulivyogeuka: juani wekundu unaongoza, kivulini ubuluu unaongoza.

Namba hizo usizipake kama zilivyo. Zigawanye, kivuli kwa jua, upate sehemu ya mwanga iliyobaki, kisha zidisha kwa 255:

```
78 / 190 × 255 = 105
80 / 180 × 255 = 113
84 / 165 × 255 = 130
```

Rangi inayotokea, 105, 113 na 130, ambayo kwenye kompyuta huandikwa `#697182`, ndiyo rangi ya leya ya kivuli. Leya hiyo ikiwekwa kwenye hali ya `Multiply`, programu inazidisha rangi yake na ya sakafu iliyo chini. Kitofali cheupe kinakuwa kitofali cheupe kilicho kivulini, kitofali chenye doa kinabaki na doa lake, na mifereji ya mchanga katikati ya vitofali inaendelea kuonekana. Ukipaka rangi ya kivuli moja kwa moja unafunika sakafu. Ukizidisha, sakafu inabaki.

Jibu la tatu ni giza la mguso. Nilivuta picha karibu mpaka gurudumu la pipa likajaa skrini. Pale chini kabisa, gurudumu linapokutana na kitofali ndani ya kivuli, nilipata 30, 29 na 29. Linganisha na kivuli cha wazi cha 78, 80 na 84 utaona mambo mawili. Giza limeongezeka zaidi ya mara mbili, na ule ubuluu umetoweka, kwa sababu pale anga halifiki tena. Nikagawanya vilevile, safari hii mguso kwa kivuli, nikapata 98, 92 na 88. Hii ni rangi yenye joto kidogo, `#625C58`. Kwa hiyo vivuli viwili vina rangi mbili tofauti, kimoja cha ubaridi na kimoja cha joto, na hii ndiyo sababu leya moja ya kivuli haitoshi hata ukiifanya nyeusi namna gani.

Pipa lilikuwa na ushahidi mwingine ambao nusura usionekane. Upande wa jua, vitofali vilivyoligusa vilikuwa na ukijani hafifu. Plastiki ya kijani ilikuwa inarudisha mwanga wa jua sakafuni na kuupaka rangi yake. Ukilifuta pipa ukauacha ukijani ule, chungu chako cha udongo kitakuwa kinatoa mwanga wa kijani.

Baada ya kuandika hayo yote ndipo nililifuta pipa. Kufuta kwenyewe sitakueleza kirefu, maana ni uvumilivu zaidi kuliko elimu. Chombo cha `Clone` kinanakili sakafu nzuri na kuihamishia palipoharibika: unabonyeza `Ctrl` na kugusa mahali pa kunakili, kisha unapaka. Kanuni moja tu inatosha. Vitofali vinavyokwenda mbali na kamera vinapungua ukubwa, kwa hiyo nakili kutoka safu hiyohiyo, kushoto au kulia, usinakili kutoka safu ya mbele au ya nyuma. Chombo cha `Heal` kiachie madoa madogo. Ukikitumia kwenye mpaka wa jua na kivuli kinachanganya rangi za pande mbili na kuacha ukungu. Na futa kivuli cha pipa chote, pamoja na ncha yake. Ncha iliyosahauliwa ikichungulia nje ya kivuli cha chungu inatangaza kazi nzima.

Chungu nilikipiga picha uani kwangu, siku iliyofuata, saa ileile ya alasiri, jua likitoka upande uleule kwa kamera. Kimo cha kamera ndicho kinachosumbua zaidi. Kwenye picha ya Tanga nilirefusha mistari ya safu za vitofali mpaka ikakutana, na ikakutana kwenye usawa unaoukata mlango karibu sehemu saba za kumi kutoka chini. Mlango wa mita 2.1 unatoa kamera iliyoshikwa mita 1.5 juu ya sakafu. Umbali mpaka kwenye pipa niliukadiria mita 4. Nami nikasimama hivyohivyo.

Kwa nini kujisumbua? Kwa sababu mdomo wa chungu ni duara, na duara likitazamwa kwa pembeni huwa duaradufu. Ukiwa mita 4 na kamera kwenye mita 1.5, mdomo wa chungu cha sentimita 45 unaonekana umefunguka kwa robo tu ya upana wake, na kitako, kilicho chini zaidi ya jicho, kimefunguka zaidi ya theluthi. Chungu hichohicho ukikipiga ukiwa mita moja na nusu, mdomo wake unafunguka zaidi ya nusu, na utakuwa unaona udongo ndani. Ukikileta kwenye picha ya ua, hakuna kivuli duniani kitakachokiokoa. Kitaonekana kimeinamia mbele kama kinamwagika. Picha nyingi za vyungu zinazopakuliwa mtandaoni hukwama hapa: zimepigwa kwa karibu, kutoka juu, chini ya taa za studio.

Sasa chungu kiko kwenye leya yake, kimekatwa, kimepunguzwa mpaka kimo chake kikawa sehemu nane za kumi za kimo cha pipa, na kitako kimekaa pale yalipokuwa magurudumu. Bado kinaelea. Hapa ndipo kazi inapoanza kweli.

Kivuli cha jua hutengenezwa kwa umbo la chungu chenyewe. Nakili leya ya chungu, ijaze yote rangi ile ya `#697182`, iweke chini ya chungu kwenye hali ya `Multiply`, kisha ilaze sakafuni kwa chombo cha kugeuza umbo, ncha ya jani refu ifike pale ulipohesabu vitofali vitatu na theluthi. Umbo linalotokea si kweli tupu, kwa kuwa jua liliona chungu kutoka upande mwingine, si upande wa kamera. Kwa chungu cha duara tofauti ni ndogo, na kwa mshubiri unaweza kuyahamisha majani mawili matatu kwa mkono. Kinachohitaji mkono zaidi ni kitako. Kivuli lazima kianzie kwenye mikingamo miwili ya duara la chini, kushoto na kulia. Kikianzia katikati, chungu kitaonekana kimesimama kwenye ncha.

Kisha kuna ukali wa ukingo. Jua si nukta. Kwetu lina upana wa karibu nusu nyuzi, na kwa sababu hiyo ukingo wa kivuli unalegea kadiri kitu kinavyokuwa mbali na sakafu. Legevu yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: kwa kila mita 1 kutoka kwenye kitu hadi kwenye kivuli, ni karibu milimita 9. Ncha ya mshubiri wangu ilikuwa karibu mita moja kutoka kwenye kivuli chake, kwa hiyo ukingo pale ulilegea kwa sentimita moja tu, na kitakoni haukulegea hata kidogo. Picha ile ilikuwa na pikseli 6 kwa kila sentimita mahali pale. Nilinakili leya ya kivuli, nakala moja nikaipitisha kwenye `Gaussian Blur` ya kipimo cha 2, nyingine nikaiacha kali, kisha nikazichanganya kwa `Layer Mask` ili ukali utawale karibu na chungu na ulaini utawale nchani. Mazoea ya kuweka ukungu wa pikseli 20 kila mahali, eti kivuli kionekane laini, hukigeuza kivuli cha jua la Tanga kuwa kivuli cha siku ya mawingu, na picha nzima ina jua.

Halafu mguso. Leya mpya, juu ya kivuli cha jua na chini ya chungu, hali ya `Multiply`, rangi ya `#625C58`. Brashi ndogo, laini, ya upana wa pikseli 8 hivi. Nilipaka ukanda unaofuata mkunjo wa kitako, kutoka mkingamo mmoja hadi mwingine, nusu yake ikiwa imefichwa nyuma ya chungu. Upande wa jua ukanda huo uwe mwembamba sana, milimita tatu nne za sakafu halisi, yaani pikseli mbili. Upande wa kivuli unaweza kutanuka mpaka vidole viwili, ukififia taratibu hadi kuungana na kivuli cha jua. Giza kubwa kabisa likae pale udongo wa chungu unapogusa, si pikseli moja nje yake. Ukiacha hata uzi wa mwanga kati ya chungu na ukanda wa giza, chungu kinanyanyuka palepale. Mimi huuchora ukanda ukiingia kwanza chini ya chungu kwa pikseli kadhaa, ili uzi huo usipate pa kupita.

Chungu nacho kinahitaji sehemu yake ya giza. Mguso una pande mbili: sakafu inanyimwa mwanga na chungu, na chungu kinanyimwa mwanga na sakafu. Kidole kimoja cha chini cha chungu kinatakiwa kififie kidogo kuelekea kitakoni. Chungu nilichokipiga uani kwangu kilikuwa nacho tayari, lakini wakati wa kukata watu huukata ukingo ule mweusi wakidhani ni uchafu wa sakafu ya zamani. Uache. Mwisho nikaongeza wekundu hafifu sana kwenye vitofali vya upande wa jua, vidole vitatu vinne, kwa sababu udongo wa kuchoma hurudisha mwanga wenye rangi yake kama plastiki ya kijani ilivyorudisha yake.

Palibaki tatizo moja ambalo namba hazikulitabiri. Ncha ya kivuli cha mshubiri ilifika mpaka ndani ya kivuli cha bati la paa, na pale ilipoingia, sakafu ikawa nyeusi maradufu. Hilo haliwezekani kwenye jua moja. Mahali palipokwisha kunyimwa jua na paa, chungu hakina jua lingine la kukinga, kwa hiyo vivuli viwili vya jua vikikutana giza haliongezeki. Programu hailijui hilo. Inazidisha tu. Nikaifuta kwa `Layer Mask` sehemu yote ya kivuli cha chungu iliyoingia kwenye kivuli cha paa, mipaka ikaungana bila mshono. Kivuli cha mguso hakihusiki na kanuni hiyo. Chenyewe huendelea kutia giza hata ndani ya kivuli kingine, kwa sababu kinakinga anga wala si jua.

Ukimaliza, usijiamini kwa macho yako yaliyochoka. Geuza picha kushoto kwenda kulia, maana picha iliyogeuzwa huonekana kama mpya na makosa hujitokeza. Ipunguze mpaka iwe ndogo kama stempu: chungu kinachoelea huonekana kinaelea hata kwa udogo huo. Kisha vuta mstari wa `Curves` kwa nguvu mpaka vivuli viwe vyeupe karibu kupasuka. Hapo utaona uzi wa mwanga uliosahau, mabaka ya `Clone`, na mpaka wowote wenye rangi isiyo yake. Usihifadhi mabadiliko hayo, ni ya kutazama tu.

Uelekeo nao una kipimo chake. Eric Kee, James O'Brien na Hany Farid walichapisha mwaka 2013 njia ya kufichua picha zilizochezewa kwa kutumia vivuli. Chukua nukta yoyote kwenye kivuli, iunganishe kwa mstari na nukta iliyokizaa kwenye kitu, urefushe mstari. Fanya hivyo kwa kitu cha pili na cha tatu. Kwa kuwa mwanga unakwenda kwa mistari iliyonyooka, mistari yote hiyo lazima ikutane mahali pamoja, pale lilipo jua, hata kama ni nje ya fremu ya picha. Wao waliitumia kuwakamata waongo, nasi tunaweza kuitumia kujikagua. Pembe ya mlango na kivuli chake, kona ya bati na kivuli chake, ncha ya mshubiri na kivuli chake. Mstari wangu wa mshubiri ulipita kando kidogo, nikauzungusha mpaka ukaingia.

Kuna mahali kazi hii hairuhusiwi, nako ni kwenye picha za habari. Mwezi wa Januari 2014 shirika la habari la Associated Press lilivunja uhusiano na mpigapicha Narciso Contreras, aliyekuwa miongoni mwa washindi wa tuzo ya Pulitzer mwaka 2013, kwa sababu alikuwa amefuta kamera ya video ya mwenzake kutoka kwenye kona ya picha ya vita vya Siria. Kamera hiyo haikubadilisha maana ya picha. Bado alitoka. Picha ya habari ni ushahidi, na ushahidi haupambwi kwa maua.

Kwenye tangazo la nyumba mpaka wangu uko hapa: kinachoweza kuhamishwa kwa mikono miwili naweza kukiondoa, kisichohamishika nakiacha. Pipa linahamishika. Nguzo ya umeme mbele ya dirisha, ufa ukutani, mtaro wa maji machafu, hivyo mgeni atavikuta, na kuvifuta ni kumuibia. Hata kwa pipa, nilipomtumia mama picha yake nilimwambia, "Mama, tafadhali tafuta chungu cha kweli, ukiweke palepale kabla tangazo halijatoka." Nawe ukifanya kazi kama hii mwombe mwenye nyumba vivyo hivyo, na umtajie kimo cha chungu ulichochora.